Kijitabu cha alama za barabarani, swali la 17: mimi nimekosea au kitabu kimekosea?

#1 Mwanalena

Wakuu, heshima kwenu. Nina lena, wiki ijayo nafanya mtihani wa nadharia. Nimenunua kijitabu stendi kwa shilingi elfu mbili, fotokopi ya fotokopi, kimebanwa pini mbili na moja imeshatoka. Alama nimeshazimeza. Ninakokwama ni sura ya nani ampishe nani.

Ukurasa wa 9 wameandika kwa herufi nene: "Kwenye mzunguko, mpishe aliye kulia kwako." Sawa, nikakariri. Sasa swali la 17 lina picha. Gari A ipo chini ya picha inataka kuingia kwenye kipilefti, gari B ipo ndani ya kipilefti, upande wa KUSHOTO wa A. Swali: nani apite kwanza? Nikajibu A, maana kulia kwake hakuna mtu. Nyuma ya kitabu jibu ni B.

Nimerudia mara tano. Nani kakosea?

#2 Sanda wa Lami

Kitabu kiko sawa. Aliye ndani ya kipilefti ndiye mwenye kipilefti. Mambo ya kulia kushoto ni ya kukaririsha watoto. Ukimkuta mtu ndani, msubiri, imeisha.

#3 Konda Mstaafu

Mimi nimekaa mlangoni miaka kumi na moja, sheria ya kipilefti naijua kwa macho: anayeingiza pua kwanza ndiye anayepita. Andika hivyo kwenye mtihani uone kama hawatakupa na nauli ya kurudia nyumbani.

#4 Bibi Breki

@Konda Mstaafu umeanza.

@Sanda wa Lami hapana, hiyo "kulia" haikuwekwa ili watoto wakariri. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo ndani ya mzunguko magari yanazunguka kufuata mshale wa saa. Ukiwa unataka kuingia, aliyemo ndani na anayekuja kukugonga atatokea kulia kwako kila mara. Kwa hiyo "mpishe aliye ndani" na "mpishe aliye kulia" huku kwetu ni kitu kimoja. Ndiyo maana swali la Mwanalena linanishangaza. Kama B yuko kushoto, ameshapita mbele ya A, anaondoka. Hana ugomvi naye.

#5 Mwanalena

@Bibi Breki ndiyo hicho hicho! Ila jibu wamesema B.

#6 Kijana wa Goba

Naomba kuuliza, leseni daraja D kutoka siku ya mtihani inachukua muda gani? Mimi tayari nina TIN.

#7 Sanda wa Lami

Kijana, hapa tunazungumzia kipilefti, wewe uko kaunta. Fungua uzi wako.

Kuhusu swali: labda B anazunguka mzunguko mzima, anageuza kurudi alikotoka. Hapo atafika kwa A.

#8 Bibi Breki

Akizunguka wote atafika kwa A akitokea kulia. Wakati huo atakuwa kulia. Kwenye picha yuko kushoto.

#9 Mwalimu Klachi

Habari za jioni. Nimefundisha udereva miaka mingi, sasa nafuga kuku, lakini ugonjwa haujapona. Kabla ya kubishana jibu, tuiangalie picha. Mwanalena, niangalizie vitu viwili tu.

Kwanza, pua ya gari B inaelekea wapi? Inapanda kwenda juu ya picha, au inashuka kumfuata A?

Pili, A akiwa kwenye barabara yake anasubiri kuingia, mstari wa katikati ya barabara uko upande gani wake?

#10 Mwanalena

Shikamoo Mwalimu. Nimeangalia na tochi ya simu maana wino umefifia.

Pua ya B inashuka. Anakuja upande wa A.

Mstari wa katikati uko KUSHOTO kwa A.

#11 Mwalimu Klachi

Marahaba. Basi tumeshampata mwizi.

Huku kwetu dereva anakaa nusu ya kushoto ya barabara, kwa hiyo mstari wa katikati unakuwa kulia kwake. Hata akiwa amelala usingizi, mstari ni kulia. Kwenye picha yako uko kushoto, maana yake A anaendesha upande wa kulia wa barabara. Na B aliye kushoto ya mzunguko huku pua ikishuka, anazunguka kinyume cha saa. Huo ni mzunguko wa nchi inayoendesha kulia. Kwenye nchi hizo aliyemo ndani anakujia kutoka kushoto kwako, na ndiye unayempisha. Jibu lao B ni sahihi kabisa kwa picha ile. Na ukurasa wa 9 ni sahihi kabisa kwa Tanzania. Vimekutana kwenye kitabu kimoja kwa sababu aliyekiunganisha alichukua maneno huku na picha kule.

Gari A lako wewe, kwa sheria yetu, halipo kwenye picha ile.

#12 Konda Mstaafu

Mwalimu kafunga kesi kwa mstari wa chokaa. Heshima.

#13 Tundu la Sindano

Haijafungwa. Mimi nafanya kazi kwenye duka la fotokopi. Picha ukiichapa kwenye karatasi ya plastiki ukaiweka chini juu, inatoka imegeuka kama kwenye kioo. Kulia inakuwa kushoto. Tumeshawahi kuharibu kitabu kizima cha mwanafunzi kwa njia hiyo. Picha inaweza kuwa ya hapa hapa, imegeuzwa tu.

Mwanalena, herufi B imegeuka? Herufi A huwezi kuitumia, ukiigeuza inabaki A.

#14 Mwanalena

B iko sawa. Ila... B imeandikwa kwa kalamu, si chapa. Na A pia. Inaonekana mtu aliandika juu ya nakala ya kwanza.

#15 Tundu la Sindano

Ahaa.

#16 Bibi Breki

Lakini kama ni picha ya hapa iliyogeuzwa, swali lenyewe lilikuwaje kabla ya kugeuka? B angekuwa kulia kwa A, anashuka kumjia. Jibu: B apite. Jibu linabaki lile lile! Kwa hiyo nadharia ya kioo nayo inakubali. Hatuwezi kujua.

#17 Mwalimu Klachi

Kweli, hilo sikulifikiria. Mimi bado naamini ni picha ya kigeni, kwa sababu wauza vijitabu hawachori, wanakata na kubandika. Lakini sina la kumjibu mtu wa fotokopi.

#18 Mzigo wa Rusumo

Uzi huu umenigusa. Mimi ni dereva wa semi, Dar kwenda Kigali. Pale Rusumo unaingia darajani ukiwa kushoto, upande wa pili unaendesha kulia. Hata ukishuka Kabanga kwenda Burundi ni hivyo hivyo, na wanaopita Tunduma kwenda Zambia wanabaki kushoto mpaka Kasumbalesa, wakiingia Kongo ndipo wanahama.

Sasa mimi gari langu usukani uko kulia. Safari yangu ya kwanza Kigali nikafika kwenye mzunguko, shingo ikageuka kulia yenyewe kama nilivyozoea. Kulia kweupe. Nikaachia breki. Utingo wangu akapiga dashibodi kwa kofi na kupiga kelele "BASI!" Kushoto kulikuwa na basi limeshajaa kioo chote. Nilikuwa sijaliangalia kabisa upande ule, na nimekaa mbali nalo, upana mzima wa kichwa cha lori kati yetu. Tangu siku ile, huko ng'ambo utingo ndiye jicho langu la kushoto, na hasinzii kwenye mizunguko hata kama tumetembea usiku kucha.

Kwa hiyo Mwanalena usikitupe hicho kitabu. Ukipata kazi ya masafa, swali la 17 litakuja kukutafuta.

#19 Ami wa Maskati

Assalaam alaykum. Mie nipo Oman mwaka wa sita. Mzungu wa Rusumo kasema kweli, huku nako tunaendesha kulia na aliye ndani ya dawari ana haki, yuaja kutoka kushoto. Nilipofika nilikuwa nabakia mdomoni mwa dawari kama mtu aliyesahau njia ya kwao, nyuma wananipigia honi.

#20 Mzigo wa Rusumo

Ami, mimi ni MZIGO, si mzungu 😂

#21 Ami wa Maskati

Simu hii inasahihisha yenyewe. Niwie radhi.

#22 Sanda wa Lami

Sawa, kipilefti nimekubali. Lakini njia panda ya kawaida isiyo na kipilefti wala taa, hapo sheria ni barabara kubwa. Mwenye lami anapita, wa vumbi anasubiri. Hapa msinibishie.

#23 Mwalimu Klachi

Nitakubishia nusu. Kumsubiri wa lami ni busara, fanya hivyo kila siku. Lakini kinachoifanya barabara iwe kubwa ni alama iliyowekwa kwa yule wa barabara ndogo, si lami. Mtaani kwetu zipo njia mbili za lami zinakatana, na zipo za vumbi mbili zinakatana. Lami itakusaidia nini hapo?

Unachotafuta ni kibao kwenye mdomo wa barabara yako. Pembetatu iliyosimama kwa ncha, yaani kichwa chini, inakuambia pisha: punguza mwendo, angalia, ukikuta kweupe pita bila kusimama. Ya pembe nane inakuambia simama: matairi yote yatulie kabisa hata kama hakuna gari wala kuku. Wanafunzi wangu walikuwa wanafeli hapo. Anafika kwenye pembe nane, anapunguza mpaka mwendo wa kobe, anaangalia, anaondoka. Kobe hajasimama. Amefeli.

Na uone akili ya maumbo yale. Vibao vingine vya duara na vya pembetatu iliyokaa sawa vipo vingi, lakini pembe nane ni kimoja tu na pembetatu ya kichwa chini ni moja tu. Hata kibao kikiwa kimejaa vumbi, au ukikiona kwa mgongo, unajua mwenzako wa barabara ile kaambiwa nini.

#24 Bibi Breki

Na kikiwa kimeibwa kwenda kuuzwa chuma chakavu je? Mtaani kwetu limebaki bomba tu, na hata bomba limekatwa usawa wa kiuno.

#25 Mwalimu Klachi

Angalia chini. Mstari mzima mnene uliokatiza mdomo wa barabara yako ni wa kusimama. Mstari wa vipande vipande ni wa kupisha. Chokaa haiuziki kwa kilo.

#26 Konda Mstaafu

Na chokaa ikifutika?

#27 Mwalimu Klachi

Ikifutika ingia taratibu kama mtu anayeingia msibani.

#28 Mama Korola

Mimi nilifeli mara ya kwanza na nililia. Picha ilikuwa njia panda. Mimi nakata kulia, mwenzangu anatoka mbele yangu ananyoosha. Kwenye kichwa changu nilikuwa na wimbo mmoja tu, "wa kulia anapishwa, wa kulia anapishwa." Nikajiambia mimi ndiye ninayekwenda kulia, basi napishwa. Nikaandika kwa furaha kabisa.

Kumbe "aliye kulia kwako" ni mahali alipo mtu, si upande anaokwenda. Mwalimu wangu aliniambia, ukikata kulia wewe ndiye unayeipasua njia ya wenzako wanaokuja mbele, kwa hiyo subiri anayenyoosha apite, na anayekata kushoto kwake kuingia barabara hiyo hiyo unayoitaka naye apite. Anayekata kulia ni mgeni wa kila mtu.

#29 Mwanalena

Mama Korola, asante. Nilikuwa na wimbo huo huo na mstari huo huo. Nimeufuta sasa hivi.

#30 Wa Kisumu

Hamjambo ndugu. Sisi Kenya mtihani wa nadharia kuna ubao mkubwa uliochorwa mji, barabara, raundabauti, reli, kila kitu, na unapewa kigari cha kuchezea. Mtahini anakuambia toka hapa nenda kule, nawe unakisukuma kigari ukieleza. Hapo huwezi kukariri jibu ni A ama B. Ukikiweka leni isiyofaa anakuona.

Mimi nilikuwa sawa kwa kupisha, nikaanguka kwa indiketa. Nilitaka kunyoosha, toka ya pili. Nikawasha ya kulia tangu mwanzo eti kwa sababu nazunguka. Mtahini akaniuliza, "Wenye wanakungoja pale wataambiwa unaenda wapi?" Kunyoosha haustahili kuwasha kitu unapoingia. Ukishapita toka ya kwanza ndio unawasha ya kushoto, yule anangoja mbele ajue unatoka. Ukienda kulia ndio unaingia na ya kulia, halafu unageuza ya kushoto ukishapita toka iliyo kabla ya yako.

#31 Sanda wa Lami

Hapa Dar ukiwasha indiketa ndani ya kipilefti watu wanadhani gari ina hitilafu.

#32 Bibi Breki

Lakini alichosema Wa Kisumu ndicho kinachoua muda wetu. Nimesimama kwenye kipilefti cha mnara wa saa Arusha, nasubiri gari la kulia, dakika nzima, kumbe linatoka kabla ya kunifikia. Angewasha taa moja tu ningeshaondoka.

#33 Tundu la Sindano

Nje ya mada kidogo, hivi kwa nini tunaita kipilefti wakati Kenya wanasema raundabauti?

#34 Konda Mstaafu

Kwa sababu ya kibao cha Kiingereza kilichokuwa kinawaambia watu wakae kushoto. Watu wakasoma kibao wakadhani ndilo jina la mahali. Ni kama mgeni aone ukuta umeandikwa "Usikojoe hapa" akadhani ndiyo jina la mtaa.

#35 Mwalimu Klachi

Kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu Konda kasema kitu cha kuandikwa.

#36 Kijana wa Goba

Kwa hiyo daraja D hamna anayejua?

#37 Mwanalena

Wakuu, leo nimerudi stendi na kitabu. Muuzaji ananiambia, "Dada, mimi nauza na karanga pia, nazo sijui zimelimwa wapi." Akanibadilishia nakala nyingine. Swali la 17 liko vile vile, mstari wa katikati kushoto, kalamu ile ile.

Nikafungua ukurasa wa 12 kwenye picha ya kuovateki. Hiyo ipo sawa, anayepita anapita kulia kwa mwenzake. Kwa hiyo kitabu kimoja kina nchi mbili ndani yake. Sasa nauliza la maana: wakinitolea picha ile ile kwenye mtihani nijibu A au B?

#38 Sanda wa Lami

B. Mtahini naye amesoma kijitabu hicho hicho.

#39 Bibi Breki

Usijibu kwa herufi. Tafuta pua ya gari na mstari wa katikati kwanza. Picha ikiwa ya kwetu, anayekuja kulia ndiye anayepita. Ikiwa ya kigeni, sema hivyo kwa mdomo kama mtahini yupo mbele yako.

#40 Mzigo wa Rusumo

Ukimwambia mtahini picha yake ni ya kigeni utarudi wiki inayofuata. Jibu B, pata leseni, halafu njoo Rusumo ubishane vizuri.

#41 Mwalimu Klachi

Mimi nipo na Bibi Breki, lakini namwelewa Mzigo. Kwenye picha ile B ndiye anayemjia A, na A ndiye anayeingia. Ukisema B kwa sababu "yumo ndani na anakuja kwangu," hujasema uongo kwa nchi yoyote. Ukisema B kwa sababu "nimekariri," siku ya barabarani utakwama.

#42 Mama Korola

Na kama kuna trafiki kasimama katikati, sahau yote haya. Mkono wake unashinda taa, unashinda kibao, unashinda na chokaa. Hilo nalo nililikosa, niliandika nitasubiri taa iwe kijani.

#43 Mwanalena

Asanteni sana. Nimeelewa 17. Sasa naomba mniangalizie swali la 23. Njia panda, hakuna kibao, hakuna taa, hakuna mistari. Magari manne yamefika kwa pamoja, moja kila upande, yote yananyoosha. Kitabu kinauliza nani apite kwanza. Nimechora kwenye daftari: kila mmoja ana mtu kulia kwake. Kila mmoja anampisha mwenzake. Nyuma ya kitabu sehemu ya jibu la 23 imekatika kwenye fotokopi.

#44 Bibi Breki

Hapo sheria ya kulia imejifunga kamba yenyewe. Inabidi mmoja awape wenzake ishara na kusubiri, akitoka huyo mmoja wengine wanafunguka kwa zamu.

#45 Sanda wa Lami

Mwenye gari kubwa.

#46 Mwalimu Klachi

Sanda, hapana. Bibi Breki yuko karibu, ila nani awe wa kwanza kutoa ishara? Ngoja nikawafungie kuku banda, nitarudi.

#47 Konda Mstaafu

Swali la 23 jibu lake ni bajaji. Haikuchorwa lakini imeshapita.